Jumapili Mshindi Alipobadilishwa

Nilipopata kazi, mama yangu aliwaambia wateja wake kule mtaani Laini Saba kwamba mimi ni mtu wa kompyuta. Anauza nguo za watoto kando ya reli, na kwake hayo maelezo yalitosha. Nami nilipohamia Kawangware, kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga upande wa kwenda Riruta, nikabaki na jibu lilo hilo. Matokeo yake majirani wakawa wananiletea simu zilizozima na redio zenye kukwaruza. Nilizipokea, nikazipeleka kwa fundi wa stendi, nikazirudisha zikiwa zimepona. Sifa zikazidi.

Ukweli ni kwamba ninafanya kazi kwenye kampuni ya beti. Ofisi yetu iko upande wa Barabara ya Ngong, ghorofani, juu ya duka la vigae. Kazi yangu ni kufunga beti. Mtu akiweka pesa yake kwenye simu na mchezo ukaisha, lazima pawe na mahali panaposemwa kwamba huyu ameshinda, alipwe, na yule amekosa. Mara nyingi mashine inajisemea yenyewe. Kuna kampuni nyingine inayotuuzia matokeo, yanaingia kwenye mfumo wetu pindi kipenga cha mwisho kinapolia, na kabla mteja hajaweka simu mfukoni pesa imeshaingia kwenye akaunti yake. Mimi na wenzangu tunaangalia pale mashine inapokosea, au pale dunia inapobadili mawazo baada ya mashine kumaliza kusema.

Jambo hilo la dunia kubadili mawazo nilifundishwa mapema. Nilikuwa mgeni kabisa ofisini wakati mshambuliaji mmoja alipopiga shuti, mpira ukamgusa beki mguuni na kuingia wavuni. Mashine ikaandika kwamba beki amejifunga. Waliokuwa wamesema mshambuliaji yule atafunga wakahesabiwa wamekosa. Baadaye kidogo wasimamizi wa ligi wakatangaza kwamba shuti lilikuwa linaelekea golini tangu mwanzo, kwa hiyo bao ni la mshambuliaji. Msimamizi wangu akavuta kiti karibu yangu.

"Fungua tena," akaniambia. "Walipe hao."

"Na hawa waliosema hatafunga? Wameshalipwa."

"Hao tunachukua tulichowapa. Haikuwa yao."

Nilimwangalia vizuri nione kama anatania. Hakuwa anatania. Ni mtu wa mtaa wa Makina, wa familia ya siku nyingi pale, mpole, hapandishi sauti hata mtandao ukikatika katikati ya mechi kubwa. Saa ya swala ikifika anasukuma kiti taratibu, anaondoka, na akirudi anaendelea na sentensi aliyoiacha. Kutoka kwake nilijifunza kwamba kulipa haraka na kulipa sawasawa ni kazi mbili, na kampuni imewaahidi watu zote mbili.

Niliipenda kazi. Nilikuwa na chumba changu, pazia nililochagua mwenyewe, na jiko la gesi la mdomo mmoja. Mwenye ploti ni mama mzee ambaye sote tunamwita Cucu, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Ardhi ile ni ya ukoo wa mumewe tangu Kawangware ikiwa mashamba, na bado ana kipande kidogo cha sukuma wiki nyuma ya vyoo, ambacho hakuna mpangaji anayethubutu kukigusa. Ni mtu wa kanisa. Kwake beti na pombe ziko kapu moja, lakini hakumnyima mtu chumba kwa sababu ya lolote kati ya hayo mawili. Alichukia kelele tu.

Mlango wangu ulitazamana na mlango wa mzee mmoja kutoka Kitui anayetengeneza vitanda kando ya barabara. Tulimwita Fundi. Ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na anakagua kila kitu cha mbao anachokiona, hata mwiko wako. Chumba cha kona kilikuwa cha kijana muuza mutura, ile soseji ya matumbo ya kuchoma, ambaye jioni husimama kwenye njia panda na jiko lake la mkaa, kisu, na ubao wa kukatia. Huyo maneno hayakumwishia. Alibeti kila wiki, akatangaza kila beti, na alipopoteza alitangaza pia, kwa hiyo ploti nzima tuliishi na timu zake kama vile ni ndugu zetu.

Jumapili ninayoikumbuka kulikuwa na mashindano makubwa ya riadha huko Asia, na fainali ya wanawake ya mita elfu tano ilikuwa ifanyike wakati kwetu ni mchana. Asubuhi nilipotoka na ndoo kwenda mferejini nilimkuta muuza mutura akipiga mswaki, povu likimtoka pamoja na utabiri.

"Siz, leo ni yule mrefu," akasema. "Nimeweka yote kwake. Ile miguu si ya mchezo."

"Umeweka yote? Hata ya stoki ya kesho?"

"Ya stoki iko kando. Mimi si mjinga."

Fundi alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, anajiandaa kwenda kanisani. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nimeweka kidogo kwa yule mfupi."

Sote tukageuka. Fundi kubeti lilikuwa jambo la nadra kama Cucu kucheza karata.

"Fundi! Huyo ana nini?"

"Anatoka karibu na kwetu."

"Karibu wapi?"

Fundi akafikiri. "Ukitoka kwetu, si mbali sana," akasema, akachukua Biblia yake akaenda zake.

Wakimbiaji wote wawili walikuwa wa Kenya, kwa hiyo ofisini mchana ule kila mtu alikuwa na furaha tayari kabla mbio hazijaanza. Tulikuwa wachache, zamu ya Jumapili. Mbio zikaenda polepole mwanzoni, wote wamebanana kama wanaogopana, halafu zikachemka raundi za mwisho. Kwenye kona moja kundi lilibana, yule mrefu akakosa nafasi, akaonekana kama ameyumba kuelekea ndani. Kisha akatoka, akapata njia, akakimbia. Yule mfupi alimfuata hadi mwisho lakini hakumfikia. Mrefu akavuka mstari mikono juu. Tukapiga makofi, mtu mmoja akapiga meza mpaka kalamu zikaanguka.

Mashine haikusubiri makofi yaishe. Mshindi: mrefu. Beti zikafungwa, pesa zikaanza kuingia kwa watu. Nilimwona akilini muuza mutura akiruka uani, nikacheka peke yangu.

Mimi huwa nafungua ukurasa wa matokeo wa wenye mashindano na kuuacha wazi pembeni mpaka wapewe medali. Ni mazoea niliyofundishwa na msimamizi wangu. Sikuwa natafuta kitu. Lakini dakika chache baadaye nilipotupa jicho pale, jina la yule mrefu halikuwa juu tena. Lilikuwa limeshuka mpaka chini kabisa ya orodha, na mahali pa muda wake palikuwa na herufi zinazomaanisha ameondolewa, na kando yake namba ya kanuni. Juu ya orodha alikuwa yule mfupi.

Nikamwita msimamizi. Tukarudisha picha za ile kona. Sasa tuliona tulichokuwa hatukukiona tukishangilia. Yule mrefu alikuwa amekanyaga ndani ya ukingo mdogo unaozunguka njia ya kukimbilia, na si mara moja. Kukanyaga mara moja wanaweza kukusamehe. Yeye alikimbia hatua kadhaa ndani ya kona, njia ikawa fupi kwake kuliko kwa wenzake, na alipotoka alikuwa mbele ya watu ambao kabla alikuwa nyuma yao.

"Nifungue?" nikauliza.

"Subiri. Timu yake itakata rufaa."

Rufaa ilikatwa kweli. Tukasubiri. Hicho ni kipande cha kazi ambacho watu wa nje hawakijui, kukaa mikono mapajani ukiangalia mstari mmoja kwenye kioo. Ukirekebisha mapema na rufaa ikakubaliwa, utakuwa umewachezea watu mara mbili. Nilipokuwa nimekaa hivyo nikakumbuka mferejini asubuhi. Nikaona nimwambie msimamizi.

"Kaka, kuna watu wawili kwenye ploti yangu wamebeti mbio hizi. Mmoja huku, mmoja kule. Wameniambia wenyewe."

Aliniangalia kidogo. "Na wewe?"

"Mimi sijawahi. Si tumekatazwa?"

"Basi umefanya vizuri kusema. Utaandaa, mimi nitathibitisha. Asije mtu akasema ulimpendelea jirani."

"Jirani yupi sasa?" nikasema, na yeye akatabasamu.

Rufaa ikakataliwa. Neno lililokuwa likisema matokeo ni ya muda likaondoka, likaja lile linalosema ni rasmi. Medali zilikuwa bado hazijatolewa. Kanuni ya kampuni yetu kwa riadha haina kona nyingi: beti hufuata matokeo rasmi yaliyosimama wakati wa kupanda jukwaani. Mabadiliko yakija kabla ya hapo tunayafuata. Yakija baada, hata kama ni mwaka mzima baadaye mtu akikutwa na dawa kwenye damu, beti haziguswi tena. Nikaandaa, msimamizi akasoma, akathibitisha. Waliokuwa wamekosa wakalipwa. Waliokuwa wamelipwa, tulichowalipa kikatolewa kwenye akaunti zao. Ujumbe ukaenda kwa wote. Kisha tukafungua chupa ya chai.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Kabla sijafika getini niliisikia harufu ya nyama. Haikuwa ya mutura. Ilikuwa ya mbavu za mbuzi, zile za Jumapili ya watu wenye mambo yao. Uani palikuwa na jiko la mutura limeletwa ndani, mkaa mwekundu, nyama juu yake, na kreti ya soda kwenye kivuli. Lakini hapakuwa na sherehe. Muuza mutura alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akikodolea simu macho. Cucu alikuwa kwenye kiti chake akikatakata sukuma. Mlango wa Fundi ulikuwa umefungwa, na viatu vyake viko nje.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Wezi," muuza mutura akasema. "Nimeshinda, nimelipwa, nimetoa pesa nikanunua nyama ya ploti nzima. Nyama haijaiva wananitumia meseji ati beti yako imerekebishwa. Angalia! Akaunti inasoma chini ya sifuri. Yaani nadaiwa na watu niliowashinda."

"Na Fundi?"

"Fundi amejifungia," Cucu akasema. "Simu yake nayo inasema ameshinda. Anasema hawezi kula pesa ya jirani."

Nikagonga mlango wa Fundi. Akafungua nusu. Alikuwa bado na shati la kanisani, na uso wa mtu aliyeshikwa shambani kwa mwenzake.

"Msichana wangu, wewe ni wa kompyuta," akasema kwa sauti ya chini. "Nisaidie nirudishe hii kitu. Wamechukua kwa huyu kijana wakatia kwangu. Kesho tutasalimianaje?"

Nilisimama pale katikati ya milango miwili, mkoba bado begani. Siwezi kusema niliwaza sana. Niliona tu kwamba hakuna njia ya kuwaeleza hawa watu jambo hili nikijifanya nalijua kwa mbali.

"Fundi, njoo nje. Njoo ukae. Nitawaambia nyote." Nikavuta kigoda. "Mimi nafanya kazi kwenye hiyo kampuni. Marekebisho hayo niliyaandaa mimi, leo, kwa mkono wangu."

Kisu cha Cucu kikasimama. Muuza mutura akanitazama kama ndio kwanza ananiona.

"Wewe?"

"Mimi."

"Siz, si asubuhi nilikuambia nimeweka kwa mrefu?"

"Uliniambia. Nami nikamwambia bosi wangu kwamba umeniambia, ndio maana yeye ndiye aliyethibitisha."

"Na hukunihurumia?"

"Nilikuhurumia. Lakini ningekuhurumia wewe, huyu ningemfanya nini?" Nikamwonyesha Fundi.

Akageuza nyama, kwa hasira, lakini aliigeuza. Nikaanza na Fundi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiumia bila sababu.

"Fundi, pesa yako haijatoka kwa huyu. Ninyi wawili hamkubeti ninyi kwa ninyi. Wewe uliweka na kampuni, naye akaweka na kampuni. Kama huyu asingekuwa amebeti kabisa, wewe bado ungelipwa hivyo hivyo. Hukuchukua kitu kwake."

Fundi akalitafuna hilo. "Hata angekuwa amelala?"

"Hata angekuwa amelala."

Akashusha pumzi mpaka mabega yakaonekana kuwa mapana zaidi, akakaa.

"Sawa, lakini mimi nilishinda," muuza mutura akasema. "Nimeona na macho yangu. Mrefu alivuka kwanza."

"Alivuka kwanza. Lakini alikata kona." Nikaitafuta ile picha kwenye simu, nikampa. Aliitazama, akairudisha, akaitazama tena. Cucu naye akaomba aone, akavaa miwani yake.

"Huyu amepita ndani," Cucu akatoa hukumu. "Hata mimi naona."

"Cucu, ni hatua kidogo tu!"

"Ungekuwa wewe wa pili ungesema ni kidogo?"

Muuza mutura akaachana na kona, akashika hoja nyingine. "Haya, tuseme alikosea. Kwa nini basi mlinilipa? Si mngengoja?"

Hilo lilikuwa swali zuri na nilimwambia hivyo. "Wewe mwenyewe, mechi ikiisha na pesa isiingie mara moja, unafanya nini?"

Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kuingilia, akasema, "Anapiga kelele. Ploti nzima tunasikia."

"Ndiyo. Wote wanapiga. Kwa hiyo mashine inalipa kwa matokeo ya kwanza, na kampuni inaandika kwenye masharti kwamba matokeo yakibadilika kabla ya kuwa rasmi, itarekebisha. Uliyakubali siku ulipofungua akaunti."

"Nani anasoma yale?"

"Hakuna," nikasema. Nikafungua masharti kwenye simu yake mwenyewe. Yako kwa Kiingereza kizito cha wanasheria, kwa hiyo nikawa nasoma sentensi na kuigeuza Kiswahili, pole pole, huku mafuta yakidondokea mkaa. Nilipofika pale panaposema habari ya jukwaa la medali, akanikatiza.

"Ngoja. Ngoja hapo. Unakumbuka timu yangu, ile mechi tuliyotoka sare? Wiki mbili baadaye shirikisho likasema wale wengine walichezesha mtu asiyeruhusiwa. Tukapewa ushindi mezani. Nilikuwa nimebeti tushinde. Mbona hamkunirekebishia hiyo? Ikiwa ni ya kunipa, mnanyamaza. Ikiwa ni ya kuninyang'anya, mbio!"

Hata Fundi alinigeukia kwa hiyo. Lilikuwa jambo la haki kuulizwa.

"Kwa sababu mpira una mahali pake pa kukoma," nikamwambia. "Beti ya mpira hufuata kilichotokea uwanjani mpaka kipenga cha mwisho. Refa akikataa bao mechi ikiendelea, limekataliwa. Wakirekebisha nani alifunga, muda mfupi baada ya mechi, tunafuata. Lakini ushindi wa mezani, wa wiki mbili baadaye, hatuuhesabu. Na ujue ile sare kuna watu waliobeti sare. Hao walilipwa na hatukuwarudia. Ingekuwa tunafuata kila kikao, hao ndio wangekuwa wamekaa kwenye ndoo leo wakilia."

"Kwa hiyo kuna mstari."

"Kuna mstari. Kila mchezo na wake, na kampuni nyingine inaweza kuuweka pengine kidogo. Leo uamuzi umetoka upande wa huku wa mstari. Ungetoka kesho, baada ya medali, ungebaki na pesa yako, na Fundi angebaki bila kitu ingawa mtu wake ndiye mwenye ushindi."

Akachukua simu yake, akaitia mfukoni. Nadhani kilichomlainisha ni ule ushindi wa mezani, kwamba mstari ule ule uliomuumiza huku ulikuwa umemuumiza na kule, na kwamba haukumjua yeye wala mtu mwingine.

Ndipo Cucu akaweka sukuma chini akacheka peke yake. "Sisi tulirudisha kikombe," akasema.

"Kikombe gani?"

"Cha kwaya. Zamani, nikiwa na sauti. Tulishinda mashindano ya makanisa, tukaimba njia nzima tukirudi, tukakiweka madhabahuni. Kumbe mwalimu wetu alikuwa ameazima sauti mbili za chini kutoka kanisa lingine. Nzuri hizo sauti! Wiki ile ile wakaja kukichukua. Wazee wa kanisa wawili, na suti. Nilikuwa nimeshakipiga polishi."

"Mlikasirika?" Fundi akauliza.

"Sana. Mimi nilikasirika mpaka Pasaka." Akachukua kisu chake tena. "Lakini tulikuwa tumeshakula wali wa kusherehekea. Huo hakuna aliyeuomba."

Muuza mutura akatazama mbavu zake, akamtazama Cucu. Kicheko kilimtoka kwa shida, kama mtu anayekohoa mfupa, kisha kikamtoka sawasawa. "Haya basi. Lete sahani. Hii nyama haina rufaa."

Fundi akainuka, akatoka getini. Alirudi na unga, nyanya, vitunguu, na maziwa ya chai ya kesho yake. Nikaleta jiko langu la gesi mlangoni, nikasonga ugali. Cucu akakaanga sukuma yake, ile ya nyuma ya vyoo, na hiyo nakuambia ilikuwa heshima. Tukala uani, mikono ikigongana kwenye sinia moja, wapangaji wengine wakitoka mmoja mmoja kwa kuitwa na harufu. Kila aliyekuja aliuliza kwa nini kuna nyama, na muuza mutura akasimulia upya, na kila aliposimulia ile kona ilizidi kuwa fupi. Mwishowe ungedhani yule mrefu alivuka tu katikati ya uwanja.

Kabla ya kulala alinigongea. "Siz, samahani kwa lile neno la wezi. Sikuwa nakuambia wewe."

"Hukujua ni mimi."

"Unaweza basi kuniangalizia akaunti, uone kama wanaweza kufuta hiyo ya chini ya sifuri?"

"Siwezi. Hiyo siruhusiwi kuigusa, na nikiigusa nafukuzwa. Piga huduma kwa wateja, uwaeleze kwa adabu. Wataiangalia."

Alipiga kesho yake, mbele yetu, kwa sauti ya adabu ambayo hatukuwahi kuisikia. Walimweleza yale yale niliyomweleza, ila kwa maneno marefu. Hawakufuta. Wakamwambia itakatwa siku atakapoweka pesa tena, na mpaka hapo hakuna atakayemfuata. Akafikiri, akaona kwamba asipoweka, haitakatwa. Ikawa hivyo. Miezi ikapita. Mpira anautazama kuliko zamani, na anasema sasa ndio anauona, kwa sababu macho hayako kwenye saa.

Mimi nilipoteza sifa yangu ya kutengeneza redio, maana ilibidi niwaambie na habari ya yule fundi wa stendi. Nikapata kazi nyingine. Mtu akisikia kitu kimebadilishwa mahali, penalti imerudiwa, mkimbiaji ameondolewa, ananijia mlangoni na kigoda chake. Mama yangu pia niliamua kumwambia sawasawa. Alikunja fulana ya mtoto, akaifungua, akaikunja tena. "Kwa hiyo wewe ndiye unayehakikisha wamelipwa vizuri," akasema. Nikasema ndiyo. Tangu hapo ndivyo anavyowaambia wateja, na baadhi wanadhani niko benki.

Fundi hakubeti tena, wala hakuapa kwamba hatabeti. Pesa yake aliitia kwenye mbao nzuri, mvule halisi, akajitengenezea kitanda. Alikuwa na miaka mingi akiuza vitanda na kulala kwenye cha chuma. Ilibidi tukiingize kwa ubavu, sisi watatu, Cucu akituelekeza kwa fimbo na kutuonya tusimkwaruzie ukuta. Kilipokaa, Fundi alipitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani, akatafuta kosa, hakuliona, akaenda kutafuta tandiko.